Hesabu ya Pwani Isipandishwe Mlimani

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita, mwenzangu anayesomea afya ya jamii alisimama akasema jambo lililopigiwa makofi ukumbi mzima. Alisema imethibitishwa, tena kwa jeni, kwamba malaria ndiyo inayowanyima watoto wa Afrika madini ya chuma. Kwamba malaria ikipungua nusu, upungufu wa chuma hupungua kwa asilimia 49. Na kwamba kwa hiyo kuwapa watoto dawa za chuma ni kupoteza fedha, bora tugawe vyandarua. Mtu mmoja aliuliza kama hayo ni kweli kila mahali. Akajibiwa: "Jeni haidanganyi."

Mimi sikupiga makofi. Kwetu ni Kanzenze, Rubavu, juu kwenye baridi, kwenye mashamba ya viazi, ambako usiku watu hujifunika blanketi mbili na mbu ni mgeni. Mtoto wa dada yangu, akiwa na miaka miwili, alipimwa damu akaonekana hana chuma ya kutosha. Hajaugua malaria tangu azaliwe. Kwa hoja ile iliyoshangiliwa, mtoto huyu angepewa chandarua na kurudishwa nyumbani.

Napinga hoja hiyo, lakini siupingi utafiti wenyewe. Utafiti upo, ulichapishwa mwaka 2021 na John Muriuki, Sarah Atkinson na wenzao, na ni mzuri. Kinachonikera ni jinsi tunavyobeba namba ya mwisho na kuacha masharti yake njiani.

Tuanze na swali ambalo utafiti huo ulitaka kulijibu. Watoto wenye malaria nyingi mara nyingi ndio wasio na chuma. Je, malaria ndiyo sababu, au ni umaskini unaoleta yote mawili? Nyumba isiyo na chandarua mara nyingi ndiyo isiyo na nyama wala mboga sahanini. Ukilinganisha tu wagonjwa na wazima, huwezi kutenganisha. Na huwezi kuwapa watoto malaria kwa makusudi ili uone.

Hapo ndipo inapoingia jeni ya selimundu. Mtoto aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo huugua selimundu. Aliyerithi nakala moja tu kwa kawaida ni mzima, ila ana kinga fulani dhidi ya malaria, jambo lililoonyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Sasa chukua baba mwenye nakala moja na mama asiye nayo. Kila mtoto wao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kama kurusha sarafu. Sarafu hiyo hurushwa siku mimba inapotunga, kabla ya umaskini, chandarua au chakula kuingilia. Kwa hiyo maumbile yenyewe yamegawa watoto makundi mawili: waliokingwa kiasi na wasiokingwa. Waliokingwa wakionekana na chuma zaidi, mtu anaweza kusema ni kwa sababu walipata malaria kidogo. Utafiti ule ulikuta kwamba penye malaria, upungufu wa chuma ulikuwa mdogo kwa takriban asilimia 30 kwa watoto wenye nakala moja.

Hoja hii inasimama kwa miguu mitatu. Jeni lazima ipunguze malaria kweli. Jeni isifuatane na jambo jingine linalogusa chuma, kama kabila, mwinuko au chakula. Na jeni isiwe na njia yake ya pembeni ya kugusa chuma bila kupitia malaria. Mguu wa kwanza unapimika. Wa pili unapimika kwa sehemu tu. Wa tatu hauthibitishwi moja kwa moja hata ukiwa na watoto milioni, na ndio ambao mwenzangu aliufunika kwa maneno "jeni haidanganyi".

Je, mguu wa tatu tunaupimaje? Mfano bora ninaoujua unatoka Kilifi, katika utafiti wa Anthony Scott na wenzake uliotoka mwaka 2011. Wao waliuliza kama malaria huwafungulia bakteria mlango wa kuingia kwenye damu. Walikuta kwamba watoto wenye nakala moja ya selimundu walikuwa na uwezekano wa kupata bakteria damuni wa takriban theluthi moja tu wa wenzao. Mpinzani angeweza kusema: labda jeni hiyo yenyewe inapambana na bakteria, malaria haihusiki. Lakini kati ya mwaka 1999 na 2007 malaria ilishuka sana Kilifi: watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Kadiri malaria ilivyoshuka, kinga ya jeni dhidi ya bakteria nayo ilififia. Watu ni walewale, hospitali ni ileile, jeni ni ileile. Kama jeni ingekuwa na njia ya pembeni, kinga ingebaki palepale.

Naomba wasomaji wakae kidogo na jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha ubishi wangu. Uzito wa ushahidi wa Kilifi ulitoka katika kuondoka kwa malaria. Jeni peke yake isingetosha. Vivyo hivyo kwa utafiti wa chuma: kinachonifanya niuamini ni kwamba faida ya jeni haikuonekana kwa watu wanaoishi pasipo malaria. Kwa maneno mengine, mahali kama Kanzenze, ambako jeni haifanyi kitu, ndipo panapothibitisha kwamba mahali kama Kilifi inafanya kitu kupitia malaria. Halafu mtu anachukua namba iliyopatikana kule na kuja kuitumia huku! Anautumia ushahidi dhidi ya msingi wake wenyewe.

Hata hapo kuna tahadhari. Jeni hii ni adimu milimani. Kilifi wapo takriban watoto 15 katika kila 100 wenye nakala moja. Kwenye baridi, ambako malaria haikuwa na nafasi ya kuwachuja watu kwa vizazi, utawatafuta sana. Ukiwapata watoto wachache na usione tofauti, huenda ni kwa sababu hawatoshi kuionyesha. Kutoona tofauti kwa watu wachache hakumaanishi kwamba tofauti haipo.

Sasa namba yenyewe, ile 49. Watu wengi hudhani ilihesabiwa kwa kuwafuata watoto ambao malaria yao ilipunguzwa nusu. Sivyo. Inapatikana kwa kugawanya: athari ya jeni kwenye chuma, juu ya athari ya jeni kwenye malaria. Nitatumia mfano wa kubuni ili mgawanyo uonekane. Jeni inapunguza upungufu wa chuma kwa asilimia 30, hiyo tuishike. Ikiwa jeni hiyohiyo inapunguza malaria kwa nusu, basi jibu ni rahisi: nusu ya malaria ni asilimia 30 ya upungufu wa chuma. Lakini ikiwa inapunguza malaria kwa asilimia 30 tu, inabidi uirudie mara mbili ili ufike nusu, kwani 100 inakuwa 70, na 70 inakuwa 49. Upungufu wa chuma nao unashuka mara mbili, unabaki 49, yaani umepungua kwa 51. Na kama jeni ingepunguza malaria kwa asilimia 16 tu, ungeirudia mara nne, na jibu lingekuwa karibu 76. Damu za watoto hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile tunachogawia.

Ndiyo maana naogopa mtu anayetaja jibu bila kutaja kigawanyo. Katika utafiti wa bakteria, watafiti wenyewe walikadiria kwamba malaria huongeza hatari mara 6.69, wakaandika waziwazi kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 1.31 na 34.3. Aliyenukuu 6.69 peke yake hakusema uongo, lakini kauli yake haina uaminifu wa walioandika.

Kigawanyo kina tatizo jingine. Malaria inayohesabiwa ni vipindi vya kuugua: homa, vimelea kwenye damu, mtoto kupelekwa kliniki. Lakini kuna watoto wanaokaa na vimelea wiki nyingi bila homa. Vimelea hivyo navyo vinaweza kuuamsha mwili kutoa homoni ya hepsidini, ambayo huzuia chuma ya chakula isipite kwenye utumbo. Ikiwa jeni inapunguza pia maambukizi haya ya kimya, faida yake imepitia humo, nasi tumeiandika yote kwenye hesabu ya homa. Dawa inayotibu homa haraka isingeleta faida hiyo yote. Na jeni hukinga tangu utotoni, kila usiku, wakati chandarua hukinga kuanzia siku kilipotundikwa, mpaka kitoboke.

Sasa lete mgawanyo huu Kanzenze. Jeni ya selimundu inapunguza nini pasipo na malaria? Haipunguzi chochote. Kigawanyo ni sifuri, na mwanafunzi wa shule ya msingi anajua huwezi kugawa kwa sifuri. Kama kigawanyo si sifuri kabisa bali ni kidogo mno, basi tofauti ndogo ya kubahatisha kwenye chuma itakupa jibu kubwa la ajabu. Na mguu wa pili nao unavunjika kwetu: Rubavu ni mpakani, watu wanatoka na kuingia, wa mabondeni na wa milimani. Ukichanganya watoto wote wa wilaya bila kujali asili, jeni itakuonyesha nani ametoka bondeni, pamoja na chakula cha bondeni na hewa ya bondeni. Sarafu hurushwa ndani ya familia. Kati ya familia na familia hakuna aliyeirusha. Anayetaka kuwa salama alinganishe ndugu wa tumbo moja.

Najua kwa nini mwenzangu anaogopa dawa za chuma. Huko Pemba, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 lilisimamisha kuwapa watoto chuma baada ya kuonekana kwamba waliopewa waliugua sana na kufa zaidi. Ni onyo zito. Lakini Pemba wakati ule ilijaa malaria, na hatari ile ilionekana humohumo. Onyo la Pemba na asilimia 49 vyote viwili vinatoka mahali penye malaria, na vyote viwili alivipandisha mlimani bila kuuliza vitapumuaje huko juu.

Basi namwomba atujibu hapa, kwenye kurasa hizi, mambo mawili. Ni watoto wangapi wa Kanzenze walipatikana na vimelea vya malaria mwaka jana? Na kati ya wasio na chuma, ni wangapi walipimwa minyoo na kuulizwa wanakula nini? Mpwa wangu aliulizwa. Alikuwa anakula viazi asubuhi, mchana na jioni, maharage yakipatikana. Alipewa dawa ya chuma kwa miezi mitatu, na dada akaelekezwa amwongezee dagaa wa kusaga. Wiki iliyopita nilipokwenda nyumbani, alinikimbilia mpaka barabarani.