Mwanafunzi wa udaktari aanze na swali la kitandani

Ukimkimbiza mtoto hospitalini usiku akiwa na homa kali, jambo la kwanza unalotaka kuona ni chupa ya maji ikining'inia juu ya kitanda chake. Mtoto ambaye hajawekewa maji, wazazi wengi humwona kama hajatibiwa. Nimefanya kazi katika wodi za watoto kwa miaka mingi na nimegombezwa na akina baba kadhaa kwa sababu hiyo.

Leo nataka nikueleze jinsi mwanafunzi mmoja wa udaktari alivyoandika ukurasa mmoja kuhusu maji hayo, na kwa nini nashikilia kwamba kila mwanafunzi aandike ukurasa wa namna hiyo kabla ya kukabidhiwa mtoto wako.

Kabla ya kuhitimu, wanafunzi wa udaktari hupewa majuma kadhaa ambayo huchagua wenyewe hospitali na idara wanayotaka kujifunza. Mwishoni huwa wanadaiwa kazi ya kuandika. Aghalabu kazi hiyo huwa ni kurasa ishirini kuhusu "Malaria" au "Kisukari", zilizonakiliwa kutoka vitabu ambavyo mwalimu mwenyewe anavyo rafuni. Nimezisahihisha nyingi. Sikumbuki hata moja iliyobadilisha matibabu ya mgonjwa yeyote.

Kuna kazi ya aina nyingine, ambayo ilielezwa mwaka 1995 na madaktari wa Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada. Mwanafunzi huchukua swali moja lililozuka kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja, hutafuta utafiti bora unaolijibu, huupima kama unaaminika, kisha huandika jibu katika ukurasa mmoja au miwili. Mimi huiita hati ya swali moja.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuja kwetu kwa majuma sita. Usiku wake wa tatu aliletwa mvulana wa miaka mitatu mwenye uzito wa kilo 12. Alikuwa na homa, alisinzia hata akiitwa, na damu yake ilionyesha malaria. Mikono na miguu ilikuwa baridi. Kucha ikibonyezwa, ilichukua sekunde tatu kurudia rangi yake. Hata hivyo, mpigo wa mshipa kwenye kifundo cha mkono ulikuwa na nguvu.

Daktari mmoja alitaka mtoto huyo apewe maji mengi kwa haraka, kwa vile mikono baridi ni dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini. Muuguzi mkuu wa zamu alikataa. "Daktari, hatufanyi hivyo tena," akasema. Mwanafunzi alisimama katikati bila kujua nani ana haki. Hapo ndipo swali lake lilipozaliwa.

Siku iliyofuata aliniletea kichwa cha kazi yake: "Matumizi ya maji ya mshipani kwa watoto wagonjwa." Nilimrudishia. Hilo halikuwa swali, bali jina la kitabu. Nilimtaka ataje mambo manne: mgonjwa ni nani, anapewa nini, analinganishwa na nani, na tunatazamia matokeo gani.

Baada ya majaribio matatu aliandika hivi: "Kwa mtoto mwenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, lakini asiye na kuhara wala utapiamlo, je, kumpa maji mengi katika saa ya kwanza kunapunguza vifo kuliko kumpa maji ya kawaida ya polepole?" Sentensi hiyo ilimchukua jioni nzima, na ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi.

Swali likiwa limenyooka hivyo, kutafuta jibu hakukumsumbua. Alitafuta katika hazina ya PubMed, ambayo haitozi chochote, na kila sehemu ya swali ikampa neno la kutafutia. Alipata utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa mwaka 2011. Ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na miongoni mwa hospitali zilizohusika ni ile ya Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, moja maji ya chumvi na jingine maji yenye protini ya damu iitwayo albumini. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka.

Sasa msomaji, hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Hukimbilia matokeo. Hati nzuri huuliza kwanza: je, niuamini utafiti huu?

Mwanafunzi wetu aliona kwamba bahasha zilizofungwa ndizo zilizoamua mtoto aingie kundi gani, kwa hivyo daktari hangeweza kuwachagulia wagonjwa mahututi kundi fulani. Aliona pia udhaifu. Kila mtu wodini alijua nani amepewa maji ya haraka na nani hakupewa. Lakini kilichohesabiwa ni vifo, na kifo hakibadilishwi na maoni ya anayehesabu.

Udhaifu wa pili ni kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya madhara yaliyoonekana. Utafiti unaokatizwa mapema unaweza kuonyesha tofauti kubwa kuliko ilivyo kweli. Aliandika hivyo waziwazi, kisha akaongeza kwamba watoto 3,600 ndio waliokusudiwa, kwa hivyo sehemu kubwa ya safari ilikuwa imeshamalizika. Huku ndiko kupima. Si kusifu wala kulaumu.

Ndipo akafika kwenye matokeo. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikufa kama 7. Kati ya kila 100 waliopewa, walikufa kati ya 10 na 11, yawe ni maji ya chumvi au ya albumini. Tiba iliyodhaniwa kuokoa iliongeza vifo.

Katika rasimu yake aliandika kwamba hatari "iliongezeka kwa asilimia 45". Ni kweli, lakini nambari hiyo peke yake hutisha bila kufundisha. Nilimwomba aandike pia kwamba tofauti ni watoto 3 hivi katika 100, yaani kifo kimoja cha ziada kwa kila watoto 30 hivi wanaopewa maji hayo. Mzazi anaielewa hesabu hii, na hata daktari aliyechoka saa tisa za usiku anaielewa.

Kisha likaja kosa ambalo limenifanya niandike makala haya. Mwishoni mwa rasimu alihitimisha: "Watoto wagonjwa Afrika wasipewe maji ya mshipani."

Nilimwambia, "Twende wodini." Kitanda cha pili kutoka kwa yule mvulana kulikuwa na msichana wa kilo 12 vilevile. Alikuwa ameharisha siku mbili, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ikivutwa ilirudi polepole mno. Mtoto huyu hakuweza kunywa. Mwongozo wa upungufu mkubwa wa maji kwa mtoto wa umri wake unataka mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, yaani mililita 360, kisha mililita 840 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kama sentensi ya mwanafunzi ingefuatwa, mtoto huyo angekufa kwa kiu huku dawa yake ikiwa kabatini.

Nilimtaka arudi kwenye utafiti asome ni nani hawakuingizwa. Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuingizwa. Wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Waliopoteza damu kwa ajali, waliofanyiwa upasuaji na walioungua pia hawakuingizwa. Utafiti hausemi lolote juu yao.

Aligundua jambo jingine pia. Hata kundi lile la tatu halikuachwa bila maji. Watoto wake walipewa maji ya polepole, yasiyozidi mililita 4 kwa kila kilo kwa saa, na dawa kama wenzao. Waliopungukiwa mno na damu waliongezewa. Kwa mvulana wetu kiasi hicho ni mililita 48 kwa saa. Maji ya haraka yangekuwa mililita 240 au zaidi katika saa moja. Mabishano yote ya usiku ule yalihusu kasi na kiasi, si maji yenyewe.

Isitoshe, hati haiishii kwenye utafiti mmoja. Aliangalia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016. Unasema kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za damu kutozunguka vizuri asipewe maji ya haraka. Lakini mwenye dalili zote kwa pamoja, yaani mikono na miguu baridi, kucha inayozidi sekunde tatu, na mpigo wa mshipa ulio dhaifu na wa mbio, anaweza kupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo katika nusu saa hadi saa moja, huku akichunguzwa kwa makini. Mvulana wetu alikuwa na mpigo wenye nguvu. Muuguzi ndiye aliyekuwa na haki.

Ukurasa wa mwisho alioniletea ulikuwa na swali juu, jibu katika sentensi mbili chini yake, kisha utafiti, udhaifu wake na hesabu. Mstari wa chini kabisa ulikuwa na tarehe aliyoandika na tarehe ambayo hati ichunguzwe upya. Lakini aya niliyoipa alama nyingi zaidi ilianza hivi: "Jibu hili halimhusu mtoto..."

Baadhi ya wenzangu hunilaumu. Husema mwanafunzi afuate mwongozo tu, aache kuuliza maswali wakati wakubwa wake wako kazini. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mwongozo hutumiwa na mtu, na mtu asiyejua ulitokana na watoto gani ataupeleka kwenye kitanda kisichostahili. Daktari yule wa zamu hakuwa mjinga. Alikuwa akikumbuka alivyofundishwa, bila kujua kwamba jibu limebadilika.

Kwa hivyo rai yangu kwa walimu wa vyuo vyetu ni hii: acheni kuhesabu kurasa. Ulizeni swali lilitoka kitanda gani, na msimpe alama ya kupita mwanafunzi ambaye hakuandika jibu lake halimhusu nani.

Nawe mzazi, siku daktari akikuambia kwamba mtoto wako mwenye malaria atapewa maji polepole, usimgombeze. Muulize amwangalie nini usiku kucha: mikono, kucha na mpigo. Akikujibu mara moja bila kubabaika, basi huenda aliwahi kuandika ukurasa kama ule.

Yule mvulana alikaa nasi siku tano. Alipotoka, mwanafunzi wetu aliibandika hati yake ukutani, kando ya meza ya wauguzi.