Kabla ya Mjadala wa Floridi: Namna ya Kumtambulisha Mwongozaji na Mada

Mjadala wa hadhara kuhusu afya huweza kuharibika kabla mzungumzaji wa kwanza hajafungua kinywa. Huharibikia katika zile dakika chache ambazo mtambulishaji humtaja mwongozaji na kuieleza mada. Nashikilia kwamba mtambulishaji ana kazi 2 tu: kuwaonyesha wasikilizaji mwongozaji anasimama wapi katika jambo lenyewe, na kuwakabidhi swali moja linaloweza kujibiwa.

Tuchukue mfano wa floridi katika maji ya kunywa kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Floridi hiyo hutoka katika miamba ya volkano ambamo maji hupita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1984, liliweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayezidishiwa floridi wakati meno yake ya kudumu yangali yakiumbika ndani ya ufizi huota meno yenye madoa, nayo hayaondoki kwa mswaki. Kiasi kikubwa zaidi, kikinywewa kwa miaka mingi, hudhuru mifupa.

Sasa tuseme shule ya sekondari imeandaa mjadala kuhusu kisima cha kijiji chenye miligramu 4 kwa lita. Mada ikitangazwa kuwa "Floridi na Afya Yetu", kila mzungumzaji atakwenda njia yake. Ikitangazwa kuwa "Maji Yenye Sumu", hukumu imekwisha kutolewa. Na msikilizaji aliyetishwa aweza kukiacha kisima leo hii akachote mtoni, mahali penye vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Madoa ya meno huja kwa miaka. Kipindupindu huua kwa saa chache. Ndiyo sababu Tanzania katika miaka ya 1970 ilikubali kwa muda kikomo cha miligramu 8, ambacho baadaye kilipunguzwa: kufuata kikomo kidogo mara moja kungefunga visima vingi pasipo kuwapa watu maji mengine. Mada iliyotajwa vizuri huyaweka madhara hayo 2 katika mizani moja.

Kuhusu mwongozaji, desturi yetu ni kusoma orodha ya shahada na vyeo vyake. Orodha hiyo haimsaidii msikilizaji. Linalohitajika ni kujua kama mwongozaji anaufahamu upimaji wa maji, na kama ana maslahi yoyote. Ikiwa amewahi kushiriki katika mradi wa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, hilo lisemwe waziwazi. Si aibu, lakini likifichuliwa katikati ya mjadala, kila swali lake litatiliwa shaka.

Utangulizi waweza basi kuwa hivi:

"Ndugu wananchi, mwongozaji wetu ni mwalimu wa kemia ambaye amepima maji ya visima vya tarafa hii pamoja na wanafunzi wake. Amewahi kushiriki katika majaribio ya mkaa wa mifupa. Leo hatatetea njia yoyote, bali atagawa muda na kuuliza maswali. Kisima chetu kina miligramu 4 za floridi kwa lita, na kikomo ni 1.5. Mtoto anywaye lita moja kwa siku hupata miligramu 4, mbali na ile iliyomo katika chakula na magadi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Swali ni hili: katika mwaka huu, watoto wadogo wapatiwe maji ya kunywa kwa njia gani: mvua, mkaa wa mifupa, au chanzo kingine? Na nani atayapima?"

Maneno hayo husomwa kwa muda usiozidi dakika 2. Hayakujibu swali, wala hayakuficha kipimo. Yamewagusa watoto wadogo kwa kuwa meno yao ndiyo yangali yakiumbika, na yametaja upimaji kwa kuwa mkaa wa mifupa huchoka: baada ya muda huacha kushika floridi, nayo maji hubaki meupe na matamu vilevile, hata macho na ulimi visitambue.

Mwalimu anaweza kuujaribu utangulizi kwa njia nyepesi. Ausome mbele ya wanafunzi 5, kisha kila mmoja aandike swali la mjadala kwa sentensi moja. Wakiandika maswali 5 tofauti, mada bado ni pana. Wakiandika jibu badala ya swali, mtambulishaji amekwisha kuhutubia. Katika hali zote 2, heri kuandika upya kuliko kuwaita wananchi wenye kiu ya maji waje kusikiliza mabishano.