'Nitasaidia na karo' si mkataba

Mmeachana, hamkuwa mmeoana, na mtoto ndio ameanza PP1. Kifungu 53 cha Katiba kinawapa nyote wajibu sawa wa kumtunza, ndoa iwepo au isiwepo.

Balaa huwa kwenye maandishi. "Baba atasaidia na karo" haina pesa ngapi wala tarehe. Shule zikifunguliwa, kila mmoja anaisoma anavyotaka.

Andikeni hivi: Sh8,000 za chakula kwa M-Pesa kufikia tarehe 5, karo nusu kwa nusu, ilipwe moja kwa moja shuleni, bili ya hospitali ambayo bima haikulipa, mgawane kwa risiti.

Kisha upelekeni mkataba korti ya watoto uwe amri. Hapo asiyelipa anaweza kuitwa ajieleze, hata mshahara ukatwe. Bila amri, kesi inaanzia mwanzo.