Mthamini Si Mdhamini

Juzi ililetwa mezani petu habari ya mzee mmoja aliyekwenda benki kuomba mkopo kwa nyumba yake. Katika aya ya kwanza mthamini alikuja kuitazama nyumba hiyo. Kufika aya ya nne, mtu yuyo huyo amegeuka mdhamini. Mthamini hutaja bei, akalipwa ujira wake, akaenda zake. Mdhamini hutia sahihi kwamba mkopaji akishindwa, deni litamwangukia yeye. Basi kwa herufi moja tu, bwana aliyekuja na utepe wa kupimia angalisomeka gazetini kuwa amejitwika deni la watu.

Sisi tuliosomea chuoni twajua asili yake. Thamani yatokana na the ya Kiarabu, na dhamana yatokana na dhadi. Herufi za Kirumi zimezitenga hizo mbili, ingawa dh yenyewe imebebeshwa mzigo wa tatu: dhali ya dhahabu, dhadi ya Ramadhani, na dha ya adhuhuri.

Lakini wenye chuo nasi tuna kosa letu. Mkono wetu hupenda kuandika "khabari", kisha mistari miwili mbele tukaandika "hamsini", hali maneno yote mawili yalikuwa na kh huko yalikotoka. Ukiirudisha katika moja, wadaiwa kuirudisha katika la pili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imeyaweka yote kwa h, na katika habari za gazeti hilo latosha. Shairi lina ruhusa zake. Majina ya watu yaachwe vile wenyewe wayaandikavyo.

Ya Kiingereza hayana chuo cha kuyarejea, hufuata sikio, ndipo yakatangatanga. Makala hayo hayo yalikuwa na "risiti", kisha "resiti", kisha "stakabadhi". Msomaji atahesabu karatasi tatu, na mzee alipewa moja. Risiti ni sawa, stakabadhi ni sawa; mwandishi achague moja ashikamane nayo hadi nukta ya mwisho.

Sisi huandika pembeni kila neno la mkopo pale linapotokea mara ya kwanza, likiisha kuhakikishwa katika kamusi. Kisha twayasoma makala kutoka chini kwenda juu, maana asomaye kutoka juu huchukuliwa na kisa, jicho likapita. Kompyuta nayo husaidia: itafute "dhamin" nayo itakuonyesha kila mahali ilipo. Ila usiiamuru ibadili zote kwa pigo moja. Katika makala yale tulisahihisha mbili, ya tatu tukaiacha, kwani aya ya mwisho ilikuwa na mdhamini wa kweli, nduguye yule mzee, aliyetia sahihi mbele ya meneja.