Kodi Ndogo ya Mwezi, Gari la Bei Kubwa

Imani iliyozoeleka Unguja, hasa kwa wanaotafuta gari la kuwachukulia watalii kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi au Paje, ni kwamba karadha, yaani ukodishaji wa muda mrefu ambao sehemu ya bei ya gari huachwa hadi mwisho wa mkataba, ni nafuu kuliko mkopo wa benki kwa kuwa malipo yake ya mwezi ni madogo. Imani hiyo ni batili, kwa sababu malipo ya mwezi hayapimi gharama ya gari, bali hupima tu sehemu ya deni iliyolipwa ndani ya mwezi huo.

Sehemu inayoachwa huitwa thamani baki, nayo ni makadirio ya thamani ambayo gari litakuwa nayo muda utakapokwisha. Ichukuliwe mfano wa gari la shilingi milioni 36, kwa miezi 48, na kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayotozwa kwenye deni lililosalia. Mwenye mkopo hulipa shilingi 1,057,500 kila mwezi, na mpaka anamaliza atakuwa ametoa shilingi 50,760,000. Mwenye karadha yenye thamani baki ya asilimia 30, yaani shilingi 10,800,000, hulipa 902,250 kwa mwezi, ambazo kwa miezi yote ni 43,308,000; lakini akitaka gari liwe lake hana budi kuongeza zile 10,800,000, na jumla inafika 54,108,000. Aliyesifiwa kwa kupata nafuu amelipa shilingi 3,348,000 zaidi kwa gari lile lile na kwa riba ile ile.

Chanzo cha tofauti hii hakina siri. Thamani baki haipungui hata shilingi moja katika miezi yote 48, na kila mwezi hutozwa riba ya shilingi 162,000, ilhali deni la mkopo huliwa kidogo kidogo na riba yake hushuka nalo. Mtetezi wa karadha anaweza kujibu, na jibu lake lina uzito, kwamba shilingi 155,250 zinazobaki mfukoni kila mwezi nazo zina thamani. Ni kweli, ila ili zifike 10,800,000 mwishoni ni lazima zizalishe faida ile ile ya asilimia 1.5 kwa mwezi, bila mwezi hata mmoja kurukwa, na mwenye gari ambaye kipato chake hupanda na kushuka kwa msimu wa watalii ni nadra kuwa na mahali pa kuziweka zikazaa kiasi hicho. Kwa kawaida huliwa.

Wapo watakaosema kwamba gari litarudishwa, basi thamani baki haimhusu mteja. Kwa hesabu ya fedha zinazotoka mfukoni, anayerudisha huwa ametoa 43,308,000 na hana gari. Mwenye mkopo ametoa 7,452,000 zaidi na gari ni lake. Kwa hiyo kurudisha kunamshinda mkopaji pale tu gari linapouzwa kwa chini ya 7,452,000. Likiwa linauzika kwa milioni 16, anayelirudisha bila kulinunua amempa mkodishaji zawadi ya zaidi ya milioni tano.

Na urudishaji wenyewe una masharti. Gari linalokwenda na kurudi kilomita 120 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutembea kilomita 120,000 kwa miaka minne, wakati mikataba mingi ya namna hii huweka kikomo cha kilomita na kutoza kila inayozidi. Pwani ya mashariki huongeza la kwake: chumvi ya baharini hula chesi na sehemu za chini ya milango, mahali ambapo rangi iliyong'arishwa haifichui kitu mpaka gari linyanyuliwe na kugongwagongwa kwa nyundo. Mkataba ukimtaka mteja afidie upungufu wa thamani baki, kutu hiyo ni deni lake. Ukimbebesha mkodishaji, hesabu hugeuka, na hapo karadha inaweza kustahili kupendelewa.

Tahadhari hiyo inagusa pia ijara, yaani ukodishaji unaofuata sharia, unaojulikana vyema Zanzibar. Kutokuwepo kwa riba hakumaanishi kwamba jumla ni ndogo, kwa kuwa kodi hupangwa ili impe mwenye mali faida yake. Ubora wake uko kwingine: mwenye mali ndiye anayebeba hatari ya umiliki, hivi kwamba gari likiteketea bila kosa la mkodi, kodi husimama, ilhali mkopaji wa kawaida hubaki na deni la kitu kisichokuwepo. Anayelinganisha mikataba miwili na aulize jumla yake pamoja na thamani baki, kisha aulize ni nani anayelipa ikiwa gari limeuzwa kwa chini ya bei iliyoandikwa.