Ushuhuda wa shimo usipotee juu ya mwangwi

Kamaradi, na ninyi mama zetu, sendika yetu hapa Kalemie inapokea shuhuda nyingi kwa sauti ya simu: shimo limeanguka, mshahara haujatoka. Nyingi hazisikiki, na kinachopotea kwanza ni hesabu. Sauti kama t, n, s na f ziko zaifu kuliko a na o, mwangwi unazifunika haraka. Hapo "tatu" inafanana na "tano", na wakubwa wa kampuni wanapata njia ya kubisha hata idadi ya waliozikwa.

Kuna wenzetu wanasema tuchange franga, tununue mikro kubwa. Sisi tunakatala. Mikro ya bei kali ikikaa mita moja na mdomo, ndani ya nyumba ya simenti na mabati, itashika makelele vizuri zaidi, basi.

Tuchukue mjane mmoja wa Lubuye. Mara ya kwanza simu ilikuwa juu ya meza, mita moja na yeye, na grupu ya jirani inanguruma. Tukaisogeza simu mpaka sentimita 20 toka mdomo wake. Grupu ilibaki vile vile, lakini sauti yake ilifika kwa mikro na nguvu karibu mara tano. Simu isikae mbele kabisa ya mdomo, ikae pembeni kidogo, maana p na b zinasukuma upepo na unasikia "puf". Tundu la mikro mara nyingi liko chini, karibu na pa kuchajia, kidole kisilizibe.

Ikabaki mwangwi. Kuujua, piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unatetemeka nyuma yake, kuta ziko tupu. Sauti ya mama ilikuwa inagonga ukuta wa mbele yake na kurudi. Tukasimamisha matela ya sponji kwa ukuta ule, blanketi nyuma ya mgongo wake, kitenge mara nne juu ya meza. Zile karatasi za mayai watu wanabandika ukutani ziko nyepesi sana, hazisaidii sana. Mwangwi ukishaingia ndani ya rekodi, kuutoa kisha ni kazi ngumu sana.

Matela nayo haizuie mngurumo wa grupu, ule mzito unapita. Tulimwomba jirani azime dakika kumi. Mvua ikigonga mabati, tunangoja tu, hakuna dawa.

Mbele ya kutuma, sikiliza na vile vya kutia masikioni, kwa sababu spika ndogo ya simu inaficha mngurumo. Halafu mpe mtu ambaye hakukuwa pale, aandike majina na hesabu anazosikia. Akiandika tatu pahali pa tano, turudie sehemu ile peke yake, siku ile ile, mbele ya matela kurudi kitandani.