Bomba la Oksijeni la Wodi Lipimwe kwa Siku Ngumu

Tarehe 4 Aprili 2020, hospitali ya Watford nchini Uingereza ilitangaza hali ya dharura na kuwaomba wananchi wasiende katika kitengo chake cha dharura. Oksijeni haikuwa imekwisha. Kilichotokea ni kwamba idadi ya wagonjwa waliokuwa wakiitumia kwa wakati mmoja ilikuwa ikiukaribia ukomo wa kile ambacho mfumo wa hospitali ungeweza kukitoa. Funzo la siku ile halikuhusu virusi peke yake. Gesi inaweza kuwapo kwenye tangi au mtambo, na bado isimfikie mgonjwa kwa wingi anaouhitaji.

Kati ya mtambo na tundu la ukutani lililo kichwani mwa kitanda kuna vitu viwili ambavyo huamuliwa mara moja tu, wakati wa ujenzi: unene wa mabomba ya shaba, na mahali pa vali za kufungia gesi kwa kila eneo. Katika majengo mengi ya wodi, vyote viwili huachiwa mchoraji ramani na mkandarasi. Madaktari na wauguzi hawaulizwi, ilhali wao ndio wanaojua ni wagonjwa wangapi huwekewa oksijeni usiku wa msimu wa nimonia. Utaratibu huo unafaa kubadilishwa.

Lichukuliwe jengo la ghorofa mbili lenye wodi nne, kila wodi ikiwa na vitanda 24. Mwongozo wa Uingereza uitwao HTM 02-01, ambao wahandisi wa nchi nyingi huutumia, hukadiria mahitaji ya wodi ya kawaida kwa kanuni hii, ambapo n ni idadi ya vitanda:

10 + (n − 1) × 6 ÷ 4

Maana yake ni kwamba mgonjwa mmoja anachukuliwa kuwa anatumia lita 10 kwa dakika, na robo ya waliobaki wanatumia lita 6 kila mmoja. Kwa vitanda 24 jibu ni lita 44.5 kwa dakika. Kwa jengo zima, wodi moja huhesabiwa kikamilifu na kila moja ya zile tatu nyingine huhesabiwa kwa nusu, hivyo jumla ni takriban lita 111 kwa dakika kwa vitanda 96.

Hesabu hiyo haina kosa kwa mazingira iliyotungiwa, yaani wodi ambamo wagonjwa wapatao saba kati ya 24 wako kwenye oksijeni, na walio mahututi wamekwisha kuhamishiwa chumba cha uangalizi maalumu. Tatizo huanza inapohamishiwa, bila kuulizwa swali, katika hospitali ambayo chumba hicho kina vitanda vichache na mgonjwa anayehitaji lita 10 au 15 hubaki wodini siku kadhaa. Hapo, nusu ya vitanda kutumia lita 10 kila kimoja si jambo la kustaajabisha. Jengo lile lile sasa linadai lita 480 kwa dakika, zaidi ya mara nne ya makadirio.

Athari yake huonekana kwenye bomba kuu linalozilisha wodi zote nne. Gesi ikipita bombani husuguana na kuta zake na kupoteza shinikizo. Mtiririko ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka karibu mara nne, na bomba likiwa jembamba zaidi kidogo tu, upotevu hupanda kwa kasi kubwa zaidi. Tuseme bomba kuu lina urefu wa mita 80, viungo na kona zikiwa zimehesabiwa ndani yake, na gesi huanza safari kwa kilopaskali 400. Wasanifu wengi hujiwekea mpaka wa kutopoteza zaidi ya asilimia 5, yaani kilopaskali 20.

Bomba la milimita 15 likipitisha lita 111 hupoteza takriban kilopaskali 4 tu. Mkandarasi atakuwa na haki ya kusema linatosha na ziada. Lakini siku ya lita 480, bomba hilo hilo hupoteza takriban kilopaskali 50, na vitanda vya mwisho hupata 350 au pungufu. Lingewekwa bomba la milimita 22, upotevu wa siku hiyo ungekuwa karibu kilopaskali 8. Na kama vitanda vyote 96 vingetumia lita 10, bomba la 22 lingeuvuka mpaka kidogo, huku la milimita 28 likibaki karibu na kilopaskali 8. Hatua mbili za unene hutenganisha jengo linalohimili janga na jengo linaloshindwa.

Hii haina maana kwamba kila bomba linenepeshwe. Tawi la mita 30 linaloingia katika wodi moja ya vitanda 24 laweza kubaki milimita 15, kwa kuwa hata vitanda vyote vikitumia lita 10 upotevu wake hauzidi kilopaskali 6. Fedha ielekezwe pale ambapo mitiririko hukutana, yaani kwenye bomba kuu na bomba la kupandia ghorofani. Isipokuwa wodi inayotarajiwa kutumia mashine za mtiririko mkubwa, ambazo moja huweza kutumia hadi lita 60 kwa dakika. Tawi lake lianzie milimita 22.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito kwamba bomba nene halizalishi gesi. Mtambo unaotoa mita za ujazo 30 kwa saa hutoa lita 500 kwa dakika na si zaidi, hata bomba lingekuwa na upana wa pipa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kuhalalisha bomba jembamba. Mtambo wa pili, au tangi la oksijeni ya kimiminika, vyaweza kuongezwa uani bila kumgusa mgonjwa. Bomba lililofichwa ukutani na juu ya dari haliongezwi unene bila kuhamisha wagonjwa na kukata gesi. Kinachobadilika kwa shida ndicho kipimwe kwa siku ngumu.

Mhudumu wa wodi anaweza kutambua kasoro hii bila vifaa vya kihandisi. Dalili ya kwanza ni kipima mtiririko cha kitanda cha mwisho kushuka pale wagonjwa jirani wanapofunguliwa gesi. Ya pili ni mashine ya kupumulia kulia kwa shinikizo dogo wakati wa msongamano na kunyamaza mahitaji yakipungua. Ya tatu ndiyo ya hakika zaidi: isomwe geji ya kwenye mtambo na geji ya kisanduku cha vali cha wodi kwa wakati mmoja. Ikiwa mtamboni ni 400 na wodini ni 350, shinikizo linapotea njiani, ama kwa wembamba wa bomba au kwa vali isiyofunguliwa yote. Zote mbili zikishuka pamoja, chanzo ndicho kilichozidiwa.

Suala la vali ni la kitabibu vilevile. Vali ya eneo hufungwa kwa sababu mbili: moto, au uvujaji na matengenezo. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: ikifungwa hii, ni akina nani wanaokosa hewa? Katika jengo lililotajwa, mpango wa gharama ndogo huweka vali moja kwa kila ghorofa. Bomba la kitanda kimoja likivuja, wagonjwa 48 hutegemea mitungi. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika humaliza mtungi wenye lita 680 za gesi katika dakika 68. Hakuna zamu ya usiku yenye mitungi na mikono ya kutosha kwa vitanda 48.

Mpangilio unaofaa ni kila wodi kuwa na vali yake, na ndani ya wodi, vitanda sita vya wagonjwa mahututi kuwa na vali ya peke yao. Tawi la vitanda hivyo sita lianzie kabla ya vali ya vitanda vingine. Likianzia baada yake, kufunga vitanda 18 kutavikata na vile sita, na vali ya pili itakuwa pambo. Wakati huohuo, vali zisizidi mahitaji, kwa kuwa kila moja ni kiungo kinachoweza kuvuja na mpini unaoweza kufungwa kimakosa.

Mahali pake pawe ukutani mwa korido, nje ya chumba chenye vitanda inavyovihudumia, ili muuguzi asilazimike kuingia motoni kuifunga. Isiwe ndani ya stoo yenye kufuli wala nyuma ya kabati. Lebo itaje vitanda kwa namba zao za sasa. Wodi hubadilishwa matumizi, na lebo ya zamani ni hatari kuliko kukosa lebo. Kisanduku kiwe pia na viunganishi maalumu vya oksijeni pande zote mbili za vali, ili mitungi mikubwa iweze kulisha wodi wakati bomba kuu limefungwa.

Kasoro moja hujificha hata kwenye majengo mapya. Kitambuzi cha king'ora cha shinikizo kikifungwa upande wa mtambo, badala ya upande wa wagonjwa, vali yaweza kufungwa na taa ya kijani ikaendelea kuwaka, kwa kuwa kitambuzi bado kinaona gesi. Jaribio lake ni rahisi, na lifanywe kabla wodi haijapokea mgonjwa wa kwanza: vali ifungwe, gesi iliyobaki itolewe kupitia tundu moja la ukutani, na king'ora kisikilizwe. Kisipolia, jengo lisipokelewe.

Mamlaka ya kuifunga vali wakati wa moto yawe ya muuguzi kiongozi wa zamu, kwa utaratibu ulioandikwa: kuhesabu walio kwenye oksijeni, kuwahamisha au kuwapa mitungi, ndipo kufunga. Mgonjwa na ndugu zake nao wanayo haki ya kujua kwamba mpini ule haugusiwi na mtu mwingine.

Gharama ya kuyatimiza haya huonekana kwenye karatasi ya makadirio, na hapo ndipo hukatwa kwanza. Ndiyo maana ramani ya gesi isiidhinishwe bila saini mbili zaidi ya ya mhandisi: ya daktari anayethibitisha idadi ya wagonjwa wa oksijeni kwa siku ngumu, na ya muuguzi mkuu aliyetembea korido yote na kuonyeshwa kila vali itakapokaa.